Barua ya kuhuisha mkataba wa viyoyozi iandikwe kutoka kwenye kadi za kazi

Meneja wa hoteli ndogo kule Jambiani, Zanzibar, akipokea barua ya fundi wa viyoyozi inayosema "tumekuhudumia kwa ufanisi mkubwa mwaka mzima, tunaomba kuendelea", anaruka moja kwa moja mpaka kwenye bei. Hana kosa. Hakuna kitu kingine cha kusoma mle ndani. Wakati huo huo, kwenye faili la fundi zimelala kadi za kazi za miezi kumi na mbili, na barua nzima imo humo.

Tuchukue hesabu ya mfano. Hoteli ina viyoyozi 16 vya BTU 12,000. Mkataba ni wa kusafisha kila kimoja mara nne kwa mwaka, shilingi 35,000 kwa kiyoyozi kimoja kila mara, jumla shilingi 2,240,000. Mwaka kabla ya mkataba, daftari la mapokezi linaonyesha fundi aliitwa kwa dharura mara 31. Mwaka wa mkataba aliitwa mara 11. Basi barua ianze na namba hizo mbili, na papo hapo iseme kama miaka hiyo inalinganika. Ikiwa mwaka huu hoteli ilifungwa wiki sita wakati wa Masika na mwaka jana haikufungwa, liandikwe. Meneja anajua mlango wake ulifungwa lini, na akiona umejisifia wiki ambazo vyumba vilikuwa vitupu, hata yale ya kweli hatayaamini.

Halafu zichambuliwe zile mara 11. Tuseme tano ni maji kudondoka chumbani, tatu ni kapasita kuungua, mbili ni gesi kupungua, na moja ni betri za rimoti (naam, nayo ihesabiwe, maana mtu alitoka mjini mpaka Jambiani kwa ajili yake). Kila aina ina chanzo chake. Maji hudondoka ndani pale mpira wa kutolea maji unapoziba kwa utelezi na vumbi. Kapasita huchoshwa na joto la mashine ya nje na umeme unaopanda na kushuka.

Gesi ndiyo sehemu ya barua inayohitaji ujasiri. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama petroli. Inazunguka tu ndani ya mabomba. Ikipungua, pana tundu. Kadi zikionyesha kiyoyozi kile kile kiliongezwa gesi Agosti na tena Novemba, yaelekea Agosti tundu halikutafutwa au halikuzibwa. Mteja alilipa mara mbili kwa kosa moja. Andika hivyo hivyo: "Kiyoyozi cha chumba namba 4 kilijazwa mara mbili. Mara ya kwanza hatukutafuta tundu. Gharama ya mara ya pili tunairudisha, na kuanzia sasa hatujazi gesi kabla ya kupima mabomba kwa naitrojeni na kupaka maji ya sabuni kwenye maungio." Kwa maoni yangu, mistari hiyo inamshawishi meneja kuliko ukurasa mzima wa sifa, kwa sababu huenda naye ameshaziona risiti mbili.

Kuna matokeo mawili ambayo nisingeyaandika. La kwanza ni umeme uliookolewa. Hoteli nyingi ndogo zina mita moja ya Tukuza, ile ya umeme wa kulipia kabla, inayolisha pampu ya maji, majokofu, pasi na viyoyozi pamoja. Uniti zikipungua, huwezi kujua nani amezipunguza. Badala yake andika kile ulichopima mwenyewe: joto la hewa inayoingia na inayotoka kwenye mashine ya ndani, kabla na baada ya kusafisha. Kiyoyozi kizima hushusha kiasi cha nyuzi 8 hadi 12. Kikishusha 5 tu na hakijarekebishika baada ya kuoshwa, meneja aambiwe kwamba hicho ni cha kuangaliwa zaidi. La pili ni kugeuza kuwa shilingi ule usiku ambao vyumba havikulala vitupu kwa sababu ya kiyoyozi kibovu. Taja idadi ya usiku, basi. Bei ya chumba anaijua yeye, na anajua pia ni wageni wangapi alioweza kuwahamishia chumba kingine.

Sasa mapendekezo mapya, ambayo kwa kawaida huja kama orodha ya dukani: kipengele hiki bei hii, kile bei ile. Yangetakiwa yatoke kwenye zile kadi 11. Ukizipanga kwa mahali badala ya aina, unakuta 7 zimetoka kwenye viyoyozi sita vinavyotazama bahari. Hilo halishangazi. Chumvi inakaa kwenye sahani nyembamba za alumini zilizoshikana na bomba la shaba, na metali hizo mbili zikikutana kwenye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Sahani zikiliwa au zikiziba, joto halitoki, kompresa inafanya kazi kwa shida na kapasita inachemka.

Pendekezo lenyewe basi ni hili. Vile sita vya baharini vibaki na huduma nne, na katika miezi minane iliyobaki mashine za nje zioshwe kwa maji matamu, shilingi 8,000 kila moja. Huko ni kuosha mara 48, shilingi 384,000. Vile kumi vya upande wa bustani vipunguzwe kutoka huduma nne hadi tatu, jambo linaloondoa shilingi 350,000. Jumla mpya ni shilingi 2,274,000. Ongezeko ni shilingi 34,000 kwa mwaka, na meneja anaona kwamba fundi amekubali kupunguza kazi mahali isipohitajika.

Neno "maji matamu" liingie kwenye mkataba kwa maandishi. Visima vingi vya karibu na ufuo vina maji ya chumvichumvi, na kuosha kwa maji hayo ni kuongeza kile unachokiondoa. Sabuni isipotoa povu vizuri, maji hayo yaachwe. Tumia ya mvua au ya pipa kutoka kwingine. Iandikwe pia kwamba umeme unazimwa kwenye swichi kuu ya kiyoyozi kabla ya kuosha, na kwamba mashine ya maji ya kasi haitumiki kwa karibu, maana inalaza zile sahani na kuziba njia ya hewa.

Tarehe nayo iguswe. Mkataba unaoisha Desemba 31 unaleta barua mezani siku ambazo hoteli imejaa na meneja hana hata nafasi ya kunywa chai. Pendekeza uishe mwisho wa Aprili, mvua za Masika zinapowapunguza wageni, na miezi minne ya kati ilipwe kwa bei ya zamani. Huduma kubwa ziwekwe mwisho wa Mei na katikati ya Novemba, kabla wageni hawajamiminika, badala ya kugawa mwaka kwa miezi mitatu mitatu kana kwamba Aprili na Agosti ni sawa.

Mwisho wa barua uwe na visanduku vitatu vya kutia alama: mkataba kama ulivyo, mkataba mpya, au kuacha. Chini ya "kuacha" pawe na sentensi moja: "Tutakukabidhi nakala ya kadi zote za kazi, pamoja na vipimo vya kila kiyoyozi, ndani ya siku saba."