Wingi wa matumizi hufupisha neno

“Kama maneno mawili yana fonimu zilezile, yaani sauti zilezile zinazotofautisha maneno, kwa nini neno la kila siku lifupishwe zaidi kuliko neno adimu?”

Kwa nadharia ya vielelezo, kila tamko unalolisikia huhifadhiwa pamoja na urefu wake na ulegevu wa matamshi yake. Ukitaka kusema, unachota kutoka akiba hiyo, na ulimi huongeza ulegevu kidogo. Tamko hilo hurudi akibani. Neno linalotumika sana hupitia mzunguko huo mara nyingi zaidi, kwa hiyo akiba yake huhama upesi kuelekea umbo fupi.

Mwanaisimu Susanne Gahl, mwaka 2008, alipima jozi za maneno ya Kiingereza zenye fonimu zilezile, kama “time”, neno la wakati, na “thyme”, lile la mmea wa kiungo, katika mazungumzo ya simu yaliyorekodiwa. Yaliyozoeleka yalikuwa mafupi zaidi, hata kasi ya msemaji ilipozingatiwa. Neno lingekuwa mfuatano wa fonimu tu, tofauti hiyo ingekosa pa kukaa.

Hata hivyo, tusizike fonimu. Msikilizaji akizoea “s” isiyo ya kawaida ya mtu fulani, huitambua hata katika maneno ambayo hajawahi kumsikia akiyatamka. Akiba ya neno mojamoja pekee haielezi hilo.