Ukichelewesha mzigo, mteja anatafuta tarehe kwenye imeili yako

Nafanya kazi upande wa oda kwenye karakana ya fanicha hapa Keko, Dar, na mimi ndo huwa naandika zile imeili za kuomba radhi mzigo ukichelewa. Maoni yangu ni kwamba imeili nyingi za namna hii zinaharibikia sehemu moja, kwenye tarehe mpya. Watu wanahangaika na maneno ya kuomba msamaha, aya tatu za "tunasikitika sana kwa usumbufu uliojitokeza", halafu tarehe wanaiweka ile wanayodhani itampoza mteja. Ikipita na hiyo, imeili ya pili hakuna anayeisoma kwa moyo mweupe.

Nitawapa kesi ya mwaka jana kwa sababu ndiyo iliyonifundisha.

Tulikuwa na oda ya hoteli moja Zanzibar, meza 36 za chumba cha kulia na viti 144, mbao za mtiki, siku ya kufikisha ni Ijumaa tarehe 19 Septemba. Alhamisi tarehe 11 fundi wetu mkuu akaniita nyuma ya karakana, ameshika mita ya unyevu, ile yenye pini mbili unachomeka kwenye ubao. Akachomeka juu ya mguu wa meza ikasoma 13%. Akachukua msumeno akaukata mguu uleule katikati, akachomeka kwenye kidonda, ikasoma 20%. Miguu ile ilikuwa mbao nene za inchi 3, nje imekauka ndani bado mbichi, na sisi tulipopokea mbao tulipima juu tu. Sasa meza kama hiyo ukiipeleka kwenye chumba chenye kiyoyozi kutwa nzima, mguu unaendelea kukauka, unasinyaa, viungo vinalegea na baada ya miezi michache meza inayumba na wageni wamekaa. Viti vilikuwa salama maana mbao zake nyembamba, na meza 12 za mwanzo zilikuwa za mbao za shehena nyingine iliyokauka vizuri. Tatizo ni meza 24.

Bosi akasema mwambie mteja wiki moja tu. Nikamwomba anipe saa mbili nikae na fundi tuhesabu, na hapa ndipo nasisitiza, tarehe unaitoa kwenye kazi iliyobaki, huitoi kwenye hofu yako. Miguu inaingia kwenye tanuri Jumatatu tarehe 15, inatoka tarehe 24. Inapumzika siku mbili, maana mbao iliyotoka kwenye joto ukiirandia palepale inapinda. Kuunga, mafundi wetu wanatoa meza 6 kwa siku, kwahiyo siku 4, Jumapili hatufanyi kazi. Vanishi mikono mitatu na msasa katikati, siku 2. Kufunga, gari mpaka bandarini, boti la mizigo mpaka bandari ya Malindi kule Zanzibar, tukafika Jumatatu tarehe 6 Oktoba. Tukaongeza siku 2 za akiba kwa sababu tanuri likikatikiwa umeme huwezi kulilazimisha. Tarehe 8 Oktoba. Siku 19 za kuchelewa, iliniuma kuziandika lakini ndo ukweli ulivyokuwa.

Asubuhi ya tarehe 12 nikampigia simu kwanza meneja manunuzi, wiki nzima kabla ya siku yenyewe, asije akakutana na habari hiyo kwenye simu yake akiwa kikaoni. Halafu nikatuma imeili, na injinia wao nikamuweka kwenye nakala. Kichwa nikaandika: "Oda ya meza 36: meza 24 zitachelewa hadi 8 Oktoba". Sikuweka "Taarifa muhimu", maana mtu mwenye imeili 80 asubuhi anatakiwa aelewe kabla hajafungua. Ndani ilikuwa hivi:

> Habari za asubuhi Bi. Meneja,
>
> Kama nilivyokueleza kwa simu, meza 24 kati ya 36 hazitafika tarehe 19 Septemba. Zitafika tarehe 8 Oktoba. Tunaomba radhi, kosa ni letu.
>
> Sababu: miguu ya meza hizo haijakauka ndani (20%, inatakiwa 12%). Tulipopokea mbao tulipima juu bila kukata. Tukizileta hivi zitalegea zikishakaa kwenye kiyoyozi.
>
> Tarehe 19 tunaweza kuleta meza 12 na viti 48 vilivyo tayari. Miguu iliyobaki inaingia kwenye tanuri tarehe 15. Tarehe 24 nitakutumia picha ya mita ikiwa imechomekwa katikati ya mguu uliokatwa. Meza zitaanza kuungwa tarehe 27.
>
> Usafiri wa awamu ya pili ni juu yetu. Makato ya kuchelewa yaliyo kwenye mkataba tutayaweka wenyewe kwenye invoisi ya mwisho. Kuanzia sasa kila shehena tunakata kipande na kupima katikati kabla ya kuipokea.
>
> Naomba unijibu kabla ya Jumanne: tulete hizo meza 12 na viti 48 tarehe 19, au vyote kwa pamoja tarehe 8?

Angalieni msamaha umekaa sentensi moja. Sababu ina namba na inasema nani alikosea, wala sikuandika "changamoto zilizo nje ya uwezo wetu", maana kupima mbao kulikuwa ndani ya uwezo wetu kabisa, na mteja akishajua hilo kwa njia nyingine umekwisha. Ile tarehe ya katikati, 24, wengi wanaiacha, na kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote kwa sababu inampa mteja kitu cha kukagua kabla hajasubiri mpaka mwisho. Na swali la mwisho ni moja tu, ukimuuliza matatu atajibu moja au hatajibu kabisa.

Kuhusu makato kuna wenzangu wananiambia usijitajie mwenyewe, subiri wadai. Sikubaliani. Kwenye mkataba ilikuwa 1% ya thamani ya mzigo uliochelewa kwa kila wiki, imeandikwa na imesainiwa, mhasibu wao angeiona tu. Ila tahadhari, usiahidi fidia ambayo bosi hajaidhinisha, nilihakikisha amesoma kila mstari kabla sijabonyeza kutuma.

Jibu lilikuja baada ya saa moja: "Nimepokea. Leteni vilivyo tayari tarehe 19, tutafungua upande wa baharini kwanza."

Tarehe 24 fundi akakata mguu, ikasoma 14. Nilituma picha hiyohiyo ya 14 na maneno mawili matatu, kwamba inarudi kwenye tanuri siku moja, akiba ipo, tarehe 8 haijaguswa. Kesho yake ikasoma 12 nikatuma tena. Mzigo ukafika Malindi Jumanne tarehe 7. Injinia alikuwa anasubiri na mita yake mwenyewe, akapindua meza ya kwanza iliyoshuka kwenye gari, akachomeka chini ya mguu pale palipokatwa, akasoma, akapindua ya pili, halafu akasaini karatasi ya kupokea. Invoisi ya mwisho tulikata wiki 3, ingawa siku zilikuwa 18.