Kabla ya kutia floraidi katika maji ya Tanga, tuhesabu kwanza inayoingia kinywani mwa mtoto

Mtaani kwetu Ngamiani wanaishi ndugu wawili wa tumbo moja waliozaliwa upande wa Arumeru, chini ya Mlima Meru. Familia ilipohamia Tanga, dada alikuwa na miaka 9 na mdogo wake alikuwa na miezi 8. Leo meno ya mbele ya dada ni ya kahawia, yana michirizi na vishimo vidogo, ilhali ya mdogo wake ni meupe kabisa. Wanapiga mswaki pamoja na wanakunywa maji ya bomba moja. Hata hivyo binti huyo ameambiwa shuleni kwamba ni mchafu, na mama yake, kwa uchungu wa maneno hayo, amewahi kumsugua meno kwa mkaa na mchanga.

Mkaa haukuweza kusaidia, kwa sababu rangi ile haikupakwa juu ya jino. Floraidi, madini yapatikanayo katika maji na dawa ya meno, ikizidi mwilini wakati jino la ukubwani linajengwa ndani ya ufizi, tabaka gumu la nje, yaani enameli, halikomai sawasawa na hubaki na vitundu visivyoonekana. Jino huota likiwa na madoa meupe kama chaki, na penye kasoro kubwa rangi ya vyakula na vinywaji hujipenyeza hadi likawa kahawia. Kwa meno ya mbele ya juu, kipindi cha hatari zaidi ni kati ya miezi 15 na 30, na mtoto akishapita miaka 8 karibu enameli yote inayoonekana anapocheka imekwisha kujengwa. Dada alikimaliza kipindi hicho akinywa maji ya Meru, ambako chemchemi na visima vingi hupata floraidi kutoka katika miamba ya volkano. Mdogo wake alikiingia akiwa tayari Tanga, akinywa maji ya Mto Zigi kutoka bwawa la Mabayani.

Nimeanza na ndugu hawa kwa sababu kila linapozuka suala la meno ya watoto yaliyooza, na Tanga yapo mengi, husikika rai kwamba nasi tutie floraidi katika maji kama zinavyofanya nchi nyingine. Rai hiyo ina msingi. Mji wa Grand Rapids, Michigan, ulianza kufanya hivyo mwaka 1945 kwa kiasi cha takriban miligramu 1 kwa lita, na kuoza kwa meno ya watoto kulipungua sana. Lakini kiasi kile kilifaa mahali pale, na ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Mwaka 1957 Galagan na Vermillion, watafiti wa Marekani, walitoa kanuni rahisi: mtoto wa mahali pa joto hunywa maji mengi zaidi kwa kila kilo ya uzito wake, basi floraidi katika maji yake iwe pungufu kwa kadiri hiyo. Ukiingiza katika kanuni yao wastani wa joto la mchana la nyuzi 15 za Selsiasi, unapata kama miligramu 1 kwa lita. Ukiingiza nyuzi 30, ambazo ni mchana wa kawaida hapa kwetu, unapata kama 0.7. Marekani yenyewe mwaka 2015 ilishusha pendekezo lake hadi 0.7 kwa nchi nzima, kwa kuwa watu wake sasa wanapata floraidi kwa njia nyingine pia, hasa dawa ya meno.

Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5, na sisi tumekifikia baada ya miaka mingi ya kuruhusu hadi 8, kisha 4, kwa maji ya vijijini, kwa sababu maeneo kadhaa hayakuwa na maji mengine. Wengi hudhani kwamba maji yakiwa chini ya 1.5 mtoto yuko salama. Tumchukue mtoto wa miaka miwili mwenye kilo 12. Kiwango cha juu kinachokubaliwa kwa umri wake ni kama miligramu 0.1 kwa kila kilo kwa siku, yaani 1.2. Katika joto letu lita moja kwa siku, ukijumlisha maji ya kunywa, uji na chai, si jambo la ajabu. Kwa maji ya 1.5, lita hiyo peke yake imekwisha kuvuka. Kwa maji ya 0.7 anabakiwa na nafasi ya nusu miligramu.

Nafasi hiyo hujaa upesi. Kwenye kasha la dawa ya meno huandikwa namba, mara nyingi 1000 au zaidi. Maana yake gramu moja ina miligramu 1 ya floraidi. Mzazi akijaza mswaki mzima kama tunavyoona kwenye matangazo, ameweka karibu gramu moja, na mtoto wa miaka miwili hajui kutema. Kipande cha ukubwa wa punje ya mchele ni sehemu ya kumi tu ya hapo. Halafu kuna magadi tunayotia katika maharage ili yaive upesi. Magadi ya maziwa ya Bonde la Ufa huweza kuwa na floraidi nyingi, na watafiti wa meno nchini wamekuta watoto wenye madoa katika vijiji ambavyo maji yake yana floraidi kidogo, wakayahusisha na magadi ya chunguni. Kuchemsha maji nako hakupunguzi kitu, kwani maji hupungua na floraidi hubaki.

Kwa hesabu hii mimi sioni sababu ya kutia floraidi katika bomba la Tanga. Kazi kubwa ya floraidi hufanyika juu ya jino lililokwisha kuota, na dawa ya meno huifikisha hapohapo bila mtoto kulazimika kuimeza. Tena pampu ya kutilia kemikali hutaka mtiririko wa maji usiokatika na mtu wa kupima kila siku. Kule Hooper Bay, Alaska, mwaka 1992 mtambo kama huo uliharibika, watu wengi wakaugua na mmoja akafa. Kwetu ambako maji hukatika na kurudi, ningependa fedha hizo zilipe upimaji wa visima virefu vinavyochimbwa kila mwaka pembezoni mwa mji, na namba iandikwe kwa rangi penye bomba la kisima. Maji ya 5 na maji ya 0.5 yana ladha ileile na uangavu uleule. Hakuna jicho la kuyatofautisha.

Binti wa jirani yangu ameelezwa na daktari wa meno kwamba madoa yake yanaweza kupunguzwa kwa kusuguliwa kitaalamu, na penye vishimo kufunikwa kwa kijazio cha rangi ya jino. Gharama ndiyo inayomsubirisha. Mama yake ameacha mkaa. Ana kitinda mimba wa miezi 20 sasa, na maharage ya nyumba ile huloweshwa usiku kucha bila magadi. Asubuhi nimemwona akimpiga mswaki mwenyewe kibarazani, dawa ikiwa punje moja tu ya mchele.