Suti ya Kaimu

Fundi wangu wa soko la Majengo aliniuliza mara mbili. "Kaka, una uhakika niishone hivi?" Nikamwambia nina uhakika. Nilikuwa nimempelekea picha kwenye simu: suti ya buluu iliyoiva, suruali imebana kama soksi, na ndani ya suti hiyo alikuwemo mwenzangu wa ofisini, ambaye hapa nitamwita Bwana Suti. Sasa, Bwana Suti ni mwembamba kama fimbo ya mchungaji, na mimi nina mke anayepika. Fundi akapima kiuno changu, akatazama picha, akapima tena, kisha akanyamaza kama mtu aliyekwisha kulipwa nusu.

Mimi na Bwana Suti tuliripoti kazini siku moja. Tulipanga chumba kimoja Chang'ombe, tukachangia jiko la mchina moja na sufuria moja. Mwaka juzi yeye akawa mkuu wa kitengo, mimi nikabaki mtakwimu vilevile.

Pale Mtumba, mji wa Serikali hapa Dodoma, napishana kila siku na misafara ya wakubwa, magari yenye thamani ya nyumba yangu na ya majirani zangu wote kwa pamoja, na sijawahi kukosa usingizi kwa ajili ya waziri. Lakini siku Bwana Suti aliponunua kigari cha mkononi chenye mkwaruzo mlangoni, nililala macho wazi. Mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, aliliandika jambo hili mwaka 1954: mtu hupenda kujipima kwa anayefanana naye, si kwa aliye mbali naye. Waziri hajawahi kula mlenda kwenye sufuria yangu. Bwana Suti amekula, tena alikuwa anakomba.

Basi mwezi Mei, Bunge la bajeti limepamba moto, Bwana Suti akapata safari ya mafunzo ya siku kumi. Akaja mezani kwangu. "Kaka, nishikie kiti. Halafu Jumatano jioni nina kipindi pale chuoni, takwimu za mwanzo kwa watu wa cheti cha uhasibu. Nishikie na hicho, tafadhali." Nikaitikia kwa upole wa kinafiki, na jioni hiyohiyo nikaenda kwa fundi.

Jumatatu nikaingia ofisini kwake nimevaa suti. Kile kiti nilikuwa nakitazama kupitia upenyo wa mlango kwa zaidi ya mwaka: cheusi, mgongo mrefu, kinazunguka. Nikakaa. Nikaona niko chini kidogo, nikashika kile chuma cha upande wa kulia nikivute ili nipande. Nikashuka. Nilishuka taratibu, kwa heshima zote, kama jeneza linavyoshushwa, mpaka kidevu kikalingana na meza. Hapo ndipo mkurugenzi alipofungua mlango, akaangaza macho chumbani, akasema, "Kaimu bado hajafika," akafunga.

Jumanne saa tano na nusu usiku simu ikalia. Kesho asubuhi kuna swali la msingi bungeni. Jibu lipo tayari, lakini mheshimiwa anaweza kuuliza la nyongeza, kwa hiyo zinatakiwa takwimu za wilaya zote za Dodoma na Singida, za miaka mitano. Nikafungua kompyuta juu ya gunia la mchele dukani kwa mke wangu, maana ndiko mtandao unakoshika. Nilituma saa tisa na nusu. Asubuhi mheshimiwa akasimama, akauliza nyongeza yake kuhusu barabara.

Kwa hiyo Jumatano jioni niliingia darasani nikiwa na macho mekundu na suti ambayo kufikia hapo tulikuwa tunapumua kwa zamu. Wanafunzi walikuwa arobaini na kitu, wengi wametoka kazini, wamechoka kuliko mimi. Nikasalimia, nikaandika jina la mada, kalamu ya ubao ikaniponyoka. Nikainama.

Traaa!

Sauti ile naweza kuieleza vizuri kwa sababu ilikuwa na hatua tatu. Kwanza uzi mmoja, tik. Halafu mshono wote kutoka kiunoni kwenda chini. Halafu upepo. Upepo wa Dodoma wa mwezi Mei, wale wanaoujua wanaujua. Koti nalo lisingenisaidia, fundi alilikata kwa mtindo wa kisasa, linaishia pale ambapo lingetakiwa kuanza kazi.

Darasa lilikuwa mbele yangu, hasara ilikuwa nyuma. Nikainuka pole pole, nikarudi kinyumenyume mpaka nikagusa ubao, nikagandama hapo. Muda uliobaki ulikuwa saa moja na dakika hamsini.

Sasa utafundishaje takwimu bila kugeukia ubao? Nikajaribu kuandika kwa mkono uliopinda pembeni, nikitembea ubavuubavu, herufi zikatoka kama za mtu anayeandika yuko juu ya bodaboda. Mwisho nikasalimu amri. "Wewe dada wa mbele, njoo uandike. Mimi nitasema." Nikawaambia: watu watano wako kijiweni wanakunywa kahawa. Wanne wana shilingi 10,000 kila mmoja mfukoni. Wa tano katoka mnadani kuuza ng'ombe, ana 960,000. Wastani wao ni kiasi gani? Dada akajumlisha, ikaja 1,000,000, akagawa kwa tano, akaandika 200,000.

"Haya," nikasema, "nani pale kijiweni ana laki mbili?"

Kimya. Kijana mmoja wa nyuma akacheka peke yake, kisha wote. Nikawaambia wapange kuanzia mwenye kidogo hadi mwenye nyingi, wamchukue aliye katikati. Kumi elfu. Mmoja akauliza, je, akija wa pili aliyeuza ng'ombe? Mwingine akamjibu kabla yangu, kwamba sasa wako sita, kwa hiyo unawachukua wawili wa katikati. Wakaanza kubishana, dada akampa mwenzake kalamu, ubao ukajaa. Mimi nimebandikwa ukutani kama kalenda, na sikuutazama mkono wa saa hata mara moja. Kengele ilipolia nilikasirika.

Niliondoka wa mwisho, faili la mahudhurio nimelishika nyuma kama mkia.

Nyumbani mke wangu alikuwa anafunga hesabu ya mali dukani. Akanitazama mbele, akanigeuza, akatazama nyuma. Hakuuliza. Alichukua sindano, akaniambia nilale kifudifudi kwenye benchi, akaanza kushona huku nimeivaa. Mtu akiwa kwenye hali hiyo husema kweli. Nikamwambia kwamba namwonea gere Bwana Suti tangu mwaka juzi.

"Unamwonea kitu gani?"

"Kila kitu."

"Hakuna bidhaa inayoitwa kila kitu, baba Nuru." Akalivuta daftari la madeni.

Mke wangu ni wa Kondoa, baba yake alikuwa mwalimu wa madrasa. Akanikumbusha alichokuwa akiwafundisha: hasidi ni yule anayetaka neema imtoke mwenzake. Lakini yupo anayetamani naye apate kama mwenzake alivyopata, bila yule kupungukiwa, hiyo Waarabu wanaiita ghibta na haina ubaya. Akachora mistari. Upande mmoja kitu chenyewe. Wa pili: akikipoteza, utafurahi? Wa tatu: bei anayokilipia yeye, wewe ungeilipa?

Tukaanza na gari. Akilipoteza nitafurahi? Kwa aibu nikakiri kwamba siku lilipomzimikia Ihumwa niliongeza sahani ya pili. Bei? Makato ya mkopo, miaka mitano, kaniambia mwenyewe. Ungekubali kukatwa? Hapana, daladala inanitosha. Akalipiga msalaba.

Kiti. Kufurahi, ndiyo. Bei ni simu za usiku, barabara za mheshimiwa, na kushuka kama jeneza. Msalaba. Suti alishaipiga msalaba kabla sijasema, sindano ilikuwa mkononi mwake.

"Na kile kipindi cha chuoni?"

Hapo nikakwama. Akikipoteza, nitafurahi? Niliwaona wale watu, wana mtihani mwezi ujao, watafundishwa na nani? Hapana, abaki nacho. Nilitaka changu. Na bei je? Jumatano yote jioni, vumbi la bodaboda, posho ya kununua mchele wa siku chache. Nikafungua mdomo kujibu. "Sikiliza, tuseme watu watano wako kijiweni…"

"Nimekuuliza bei, wewe unanifundisha," akasema, akakata uzi kwa meno.

Ndipo nilipotambua jambo ambalo mpaka leo linanichekesha. Gari la Bwana Suti nililisema ofisini kote. Cheo chake nilikisema mpaka kwenye foleni ya chapati. Lakini kipindi chake cha Jumatano sikuwahi kukitaja kwa mtu yeyote, na akikitaja mwenyewe nilibadilisha mazungumzo. Umbea wangu wote ulikuwa unazunguka mbali na pale palipouma.

Mke wangu hakuliamini daftari la usiku mmoja. Alisema mtu aliyechanika suruali hawezi kuhesabu mali. Kwa hiyo Jumamosi, nimeshiba nyama ya mnada wa Msalato, akaniuliza upya, kwa mpangilio mwingine. Gari lilikaribia kupona, maana tulikuwa tunarudi kwa miguu tukitafuta usafiri. Kipindi kilibaki palepale.

Bwana Suti aliporudi nilimkabidhi kiti, nikamwonyesha kile chuma. "Ah, kumbe kinashuka?" akasema. Mwaka mzima alikuwa hajui. Halafu nikaenda chuoni kuulizia kama wanahitaji mwalimu mwingine wa jioni. Wakanipokea vizuri sana, wakaniomba cheti cha shahada ya uzamili. Tasnifu yangu iko chini ya kitanda, sura tatu zimekamilika, ya nne inasubiri tangu Nuru hajazaliwa. Nuru yuko darasa la pili.

Siku hizi saa kumi na moja alfajiri utanikuta juu ya gunia la mchele, kabla wateja wa maandazi hawajaja. Sura ya nne ina kurasa kumi na moja. Bado namwonea Bwana Suti gere akipita na gari mvua ikinyesha, nisiseme uongo.

Juzi nilikuwa Sabasaba na Nuru tunachagua nyanya. Mtu akapaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara: "Mwalimu Kaa!" Nuru akauliza kaa ni nini, maana hapa Dodoma hatuna bahari. Kumbe darasani kulikuwa na kijana wa Tanga, ndiye aliyeutambua mwendo wangu. Nilitaka kujifanya sijasikia, lakini mkono ulikuwa umeshanyanyuka, na nyanya ndani yake.