Kodi ya serikali kwenye pango la nyumba: nani anailipa Lubumbashi?

"Kodi ya serikali ni juu ya mpangaji, mimi nataka dola 400 mkononi."

Maneno hayo ya wenye nyumba yana nusu ya ukweli. Tuseme mpangaji, kama kampuni, anatakiwa kukata asilimia 20 ya pango na kuipeleka serikalini. Ili mwenye nyumba abaki na dola 400, pango lazima lifike 500, wala si 480 kama wengi wanavyokisia, kwa kuwa asilimia 20 ya 480 ikitolewa zinabaki 384. Kwenye mkataba, basi, mpangaji ndiye anayebeba zote 100.

Lakini kuandika bei ni jambo moja na kuipata ni jingine. Nyumba iliyokwisha kujengwa mtaa wa Golf haihamishiki wala kugeuzwa bidhaa nyingine, ilhali mpangaji anaweza kuhamia Kampemba, au kukubali nyumba ndogo zaidi. Ikikaa tupu miezi miwili kwa kung'ang'ania 500, mwenyewe amepoteza 800 ambazo zingebaki mkononi mwake. Tuseme anateremka hadi 440: kodi ni 88, naye anapokea 352. Ukilinganisha na 400 za kabla ya kodi, mpangaji ameongezewa 40, mwenye nyumba amepunguziwa 48, na hizo mbili kwa pamoja ndizo kodi nzima. Anayebeba zaidi ni yule mwenye njia chache za kukwepa, hata kama sheria imemtaja mwenzake kuwa mlipaji.

Mwenye nyumba naye ana hoja yenye uzito. Kampuni inayotaka ofisi katikati ya mji haina pengine pa kwenda, kwa hiyo hapo 500 huenda ikapatikana. Tena, miaka ikipita, mtu anayeona faida imepungua huacha kujenga na fedha yake huitia katika magari ya mizigo au biashara nyingine. Nyumba zikiwa chache kuliko watu wanaozitafuta, pango hupanda na sehemu kubwa ya kodi humwangukia mpangaji. Kwa hiyo jibu la mwaka wa kwanza si lazima liwe jibu la mwaka wa kumi.

Kinachoharibu hesabu zaidi, kwa maoni yangu, ni nyumba ambazo pango lake halitajwi kwa serikali. Familia inayolipa taslimu bila risiti haikati chochote, na nyumba hizo ndizo zinazomzuia mwenye nyumba anayelipa kodi kupandisha pango lake. Yeye anameza karibu kodi yote, ilhali jirani yake asiyelipa akiongeza dola 20 kwa kisingizio cha "kodi imepanda", zote zinaingia mfukoni mwake. Mpangaji anayetaka kujua amebebeshwa nini asiangalie mstari wa kodi kwenye mkataba. Alinganishe jumla anayolipa sasa na pango lililokuwa likilipwa kwa nyumba kama hiyo kabla kodi haijaanza kukatwa.