Usijitoe kwenye chama cha taaluma kwa kunyamaza

Mwanataaluma akichoka na chama chake, mara nyingi haandiki barua. Anaacha tu kulipa ada, akiamini uanachama utajifia wenyewe. Mimi napinga njia hiyo, hata kama sababu za kuondoka ni nzuri.

Katika vyama vingi, ada ni ya mwaka mzima na mtu huhesabiwa mwanachama mpaka barua yake ya kujiuzulu ipokelewe. Anayekaa kimya huingia mwaka mpya na deni. Muda wa nyongeza ukiisha, jina lake linaondolewa kwenye orodha ambayo wateja huitazama, na kumbukumbu husema amefutwa kwa kutolipa. Akitaka kurudi, huenda akadaiwa malimbikizo kwanza. Aliyeaga kwa barua hana deni la kumfuata.

Kuhusu sifa za kitaaluma, soma masharti ya chama chako mwenyewe, maana hayafanani. Aliyepata CFA, hadhi ya wachambuzi wa uwekezaji, akiacha kulipa ada ya kila mwaka hana tena haki ya kuweka herufi hizo baada ya jina lake, ingawa mitihani aliyofaulu haifutiki. Cheti cha PMP cha usimamizi wa miradi hakitegemei uanachama wa PMI, chama kinachokitoa: unaweza kujitoa na ukabaki nacho, ilimradi utimize masharti ya kukihuisha kila baada ya miaka 3. Na pale ambapo sheria inadai uanachama ili ufanye kazi, kujitoa ni kuacha kazi yenyewe.

Linalonisumbua zaidi ni bima. Vyama vingi huwakatia wanachama kwa pamoja bima ya dhima ya kitaaluma, yaani ile inayolipa mteja akidai fidia kwa kosa la kazi, na kwa kawaida bima hiyo hutazama siku dai lilipowasilishwa, si siku kazi ilipofanyika. Tuseme mshauri amemhudumia mteja mwezi Novemba, akiwa na bima. Ada yake inaisha Desemba 31, halipi, na mwishoni mwa Machi anafutwa. Mei mteja anamfungulia madai kuhusu kazi ile ya Novemba. Hapo hana kinga, ingawa alikuwa amelipa ada kamili wakati anaifanya kazi, na kulipa malimbikizo mwezi Juni kwa kawaida hakutamrudishia kinga ya dai lililokwisha kufika.

Angeandika barua Novemba, angeweza kuuliza mapema kama anaweza kununua bima ya kufidia madai yanayokuja baadaye kwa kazi za nyuma. Barua hiyo itaje tarehe ya kuondoka, iombe uthibitisho kwamba hana deni wala shauri la nidhamu, na iulize bima inakoma siku gani hasa. Nakala ya majibu aitunze kwa miaka.

Vyama navyo vina wajibu hapa. Kikumbusho cha ada kinachotaja kiasi na akaunti ya benki bila kutaja siku bima inapokatika kinamficha mwanachama jambo lenye uzito kuliko yote.