Hali tarajiwa haikai katikati

Nikifungua modeli ya fedha nikakuta hali mbaya imepatikana kwa kuharibu kila dhana kwa asilimia 10, na hali bora kwa kuiboresha kila moja kwa kiasi hicho hicho, najua mwenyewe alikuwa anaharakisha. Hapo kuna kisio moja tu, limevishwa nguo tatu.

Chukua kiwanda cha bidhaa moja. Kinauza vipande 1,000 kwa mwezi, bei 50, gharama ya kila kipande 30, na gharama zisizobadilika 15,000. Faida ni 5,000. Kabla ya kutunga hali yoyote, gusa dhana moja moja huku nyingine zimetulia. Mauzo yakishuka asilimia 10, faida inabaki 3,000. Bei ikishuka asilimia 10, faida inakwisha kabisa. Sasa unajua usingizi ukukatikie wapi.

Hali mbaya nayo iwe na kisa. Tuseme mshindani ameingia sokoni: bei inashuka hadi 46, mauzo hadi 900, lakini gharama ya kipande haina sababu ya kupanda. Hasara ni 600. Ukiharibu dhana zote nne kwa mkupuo, hasara inafika 5,700. Namba hiyo itatisha mkutano mzima, ila muulize aliyeileta ni tukio gani litakaloizaa, uone atakavyobabaika.

Kwenye lahajedwali mimi huweka hali tatu katika safu C, D na E, kisha namba ya kuchagua hali katika B1. Safu F ndiyo inayosomwa na modeli nzima:

```
=CHOOSE($B$1,C5,D5,E5)
```

Ubaya ni kwamba siku moja mtu ataandika namba juu ya fomula hiyo "kwa muda tu", kisha asahau. Utamgundua ukibadilisha B1: mistari mingine itacheza, wake utakaa kimya.

Hali tarajiwa ndiyo inayoonewa zaidi, kwa sababu watu huiweka katikati na kuendelea na safari. Tuseme mahitaji yanaweza kuwa 700, 1,000 au 1,300, na uwezekano ni sawa kwa yote. Wastani ni 1,000, kwa hiyo faida 5,000? Kiwanda chetu hakiwezi kutoa zaidi ya vipande 1,100. Faida basi ni hasara 1,000, kisha 5,000, kisha 7,000, na wastani wake ni kama 3,667. Mwezi mbaya unaumia wote, mwezi mzuri unagonga dari. Piga hesabu ya faida ya kila hali kwanza ndipo utafute wastani, na dari yenyewe iwe ndani ya fomula ya mauzo, ambapo F5 ni mahitaji na F6 ni uwezo wa kiwanda:

```
=MIN(F5,F6)
```

Uwezekano ule wa theluthi theluthi nimeuchagua ili hesabu iwe nyepesi. Katika modeli yako, kila uwezekano uwe na seli yake, na pembeni uandike umeutoa wapi.